Sifa au huluki? Maswali yanayoamua, kwa mfano wa daftari la mapokezi ya kahawa

Mtu anayechora modeli ya dhana, yaani picha ya mambo ambayo mfumo utayatunza kabla hajafikiria majedwali wala programu, hulazimika kuamua jambo moja mara nyingi sana: habari aliyoipata ni huluki, au ni sifa ya huluki nyingine? Huluki ni kitu chenye utambulisho wake, ambacho tunakitunzia habari. Sifa ni thamani inayoieleza huluki na ambayo peke yake haina habari zake. Mkulima ni huluki na uzito wa mzigo wake ni sifa, na hapo hakuna anayebisha. Mabishano huanza kwenye kijiji, nambari ya simu, bei na daraja, ambavyo vyote vinaonekana kama maneno na tarakimu za kujaza kwenye fomu, lakini baadhi yake vina mambo mengi nyuma yake.

Peter Chen, ambaye makala yake ya mwaka 1976 ndiyo iliyoeneza michoro ya huluki na uhusiano, alieleza huluki kuwa kitu kinachoweza kutambuliwa waziwazi kivyake, na sifa kuwa kanuni inayoipeleka kila huluki kwenye thamani yake. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamwambii mchoraji achague lipi, kwa sababu kijiji kinaweza kutambuliwa waziwazi na pia kinaweza kuwa thamani ya kanuni inayoanzia kwa mkulima. Uamuzi hautokani na umbile la kitu duniani. Unatokana na yale ambayo mwenye mfumo anapaswa kuyajua kuhusu kitu hicho, na ndiyo maana kitu kilekile huwa sifa katika mfumo mmoja na huluki katika mwingine bila mchoraji yeyote kukosea.

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, kinachopokea kahawa ya Arabika katika wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Wanachama huleta pachimenti, yaani kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa ikiwa bado na ganda lake la ndani. Karani huipima na kuandika katika daftari, kisha mwanachama hupewa stakabadhi na kulipwa malipo ya awali. Tuseme vichwa vya daftari hilo ni hivi:

```
tarehe | nambari_uanachama | jina | kijiji | kata | wilaya | mkoa
simu1 | simu2 | kilo | unyevu | daraja | bei | kiasi_kilicholipwa
```

Anayeunda mfumo kwa haraka huligeuza daftari hili kuwa jedwali moja au mawili, na kila kichwa kikawa sifa. Kwa msimu wa kwanza mfumo huo utafanya kazi vizuri, na hilo ndilo linalowadanganya wengi.

Njia ninayoiamini kuliko zote ya kuanza ni kuacha kuchora kwanza na kuandika sentensi fupi, moja kwa kila ukweli ambao chama kinataka kuujua. Mkulima anaishi katika kijiji. Mapokezi yalikuwa na uzito wa kilo kadhaa. Mapokezi yalikuwa na unyevu wa asilimia kadhaa. Kijiji kiko katika kata. Ukishaziandika, tazama ni vitu gani vinakaa mahali pa kiima, yaani ni vitu gani ambavyo sentensi fulani inatoa habari kuvihusu. Kitu ambacho ni kiima cha sentensi tunayotaka kuitunza hakiwezi kubaki sifa, kwa kuwa sifa haina mahali pa kubebea habari zake. Kitu kinachotokea mwishoni mwa sentensi tu, na kamwe hakiwi kiima, kina kila sababu ya kubaki sifa. Wafuasi wa mkondo uliotokana na kazi za Sjir Nijssen na baadaye Terry Halpin wamelifuata wazo hili hadi mwisho wake: katika modeli zao hakuna sifa kabisa, kuna vitu na sentensi zinazoviunganisha, na suala la kipi kiwe safu ndani ya jedwali la kipi huachwa hadi hatua ya mwisho. Si lazima kuhamia kwenye mkondo huo ili kufaidika na nidhamu yake.

Kwa kipimo hiki, unyevu unamalizika mara moja. Pachimenti inayopokelewa inapaswa kuwa imekauka hadi unyevu wa asilimia 10 hadi 12 hivi, na karani anaandika 11. Hakuna anayetaka kujua lolote kuhusu hiyo 11 yenyewe: haina mmiliki, haina tarehe ya kuanza, na mizigo miwili yenye unyevu wa 11 haijaunganishwa na chochote kwa kuwa na thamani hiyo. Ni sifa. Tarehe ya mapokezi ni hivyo hivyo. Lakini msimu ambamo tarehe hiyo inaangukia si sifa, kwa maana msimu una siku ya kufunguliwa, siku ya kufungwa na kiwango cha malipo ya awali kilichokubaliwa, na sentensi hizo zote zina msimu kama kiima chake.

Kijiji kinahitaji kutafakariwa zaidi. Katika daftari kipo pamoja na kata, wilaya na mkoa, na vichwa hivyo vinne vina tabia moja inayoonekana kwa macho: vinatembea pamoja. Popote kijiji kinapojirudia, kata, wilaya na mkoa vinajirudia vilevile. Hiyo ni ishara kwamba sentensi ya kweli siyo “mkulima yuko katika mkoa fulani”, bali “kijiji kiko katika kata, kata iko katika wilaya, wilaya iko katika mkoa”. Mkulima anahusika na sentensi ya kwanza tu, ile ya kuishi katika kijiji. Nyingine zingebaki kuwa kweli hata kama wakulima wote wa kijiji hicho wangejitoa katika chama. Ukweli unaoendelea kuwepo baada ya huluki kuondolewa haukuwa ukweli wa huluki hiyo.

Athari yake si ya nadharia. Hadi mwaka 2016 Mbozi ilikuwa ndani ya mkoa wa Mbeya. Mwaka huo mkoa wa Songwe ulianzishwa, na wilaya nzima ikabadilisha mkoa bila mkulima hata mmoja kuhama. Katika modeli yenye mkoa kama sifa ya mkulima, badiliko hilo moja linapaswa kuandikwa mara nyingi sawa na idadi ya wanachama, na wale waliosahaulika watabaki Mbeya milele. Katika modeli yenye wilaya kama huluki, badiliko huandikwa mara moja. Na kama chama kinataka ripoti ya mavuno ya mwaka 2014 isomeke kwa mipaka ya wakati huo, uhusiano wa wilaya na mkoa unapewa tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mtu asichanganye mambo hapa: kubadilika kwa wakati peke yake hakuifanyi thamani kuwa huluki, kwani hata jina la mtu hubadilika. Kinachohitaji tarehe ni sentensi yenyewe, si thamani iliyomo ndani yake.

Kuna jaribio jingine linalofaa kwa kijiji, nalo ni la utambulisho: maandishi mawili yakifanana, je, ni kitu kimoja? Unyevu wa 11 na unyevu wa 11 ni thamani moja. Lakini Majengo ya Moshi, Majengo ya Mtwara na Majengo ya Dodoma ni mahali patatu tofauti penye jina moja. Na kinyume chake, “Majengo”, “majengo” na “Mjengo” kwenye daftari la karani mmoja yanaweza kuwa mahali pamoja paliposumbuliwa na mkono wenye haraka. Jina linaposhindwa kusema ni kitu kipi, kitu hicho kinahitaji utambulisho usiotegemea jina, na kitu chenye utambulisho wake tayari ni huluki.

Hata hivyo, nisingemlazimisha kila mtu kufanya kijiji kuwa huluki. Chama cha wanachama wa vijiji viwili, ambacho hakitoi ripoti kwa kata na kinatumia jina la kijiji kwenye stakabadhi tu, kinaweza kukiacha kuwa sifa yenye thamani mbili zinazoruhusiwa. Sentensi ambayo hakuna atakayeiuliza haihitaji kutunziwa mahali.

Nambari ya simu ina kishawishi tofauti. Kuwepo kwa vichwa vya simu1 na simu2 humfanya mchoraji aseme kwamba kwa kuwa mkulima ana simu zaidi ya moja, basi simu ni huluki. Hoja hiyo haitoshi. Wingi unaonyesha tu kwamba sifa ina thamani nyingi, jambo ambalo katika hifadhidata litahitaji jedwali la pembeni, lakini jedwali la pembeni si lazima liwe huluki katika modeli ya dhana. Ikiwa chama kinatumia simu kuwaita wanachama mkutanoni, nambari inabaki sifa hata zikiwa nne. Mambo hubadilika pale chama kinapoanza kulipa kwa simu. Laini imesajiliwa kwa jina la mtu fulani, na mtu huyo anaweza kuwa mtoto wa mkulima au jirani. Wakulima wawili wanaweza kupokea fedha kwa laini moja. Nambari iliyoachwa inaweza kugawiwa mtu mwingine. Na kabla ya kulipa, mhasibu anataka kujua jina la usajili limehakikiwa lini na nani. Sasa nambari imekuwa kiima cha sentensi kadhaa. Kilichozaliwa hapo, kwa maoni yangu, kinastahili kuitwa akaunti ya malipo kuliko kuitwa simu, kwa kuwa akaunti ya benki ya mkulima mwingine itakaa mahali hapo hapo bila kupindisha modeli.

Palipo na utajiri zaidi ni kwenye vichwa viwili vilivyo karibu na mwisho wa daftari, daraja na bei. Karani ameviweka kwenye mstari wa mapokezi, kwa hiyo mchoraji anauliza kama daraja ni sifa ya mapokezi au ni huluki. Swali hilo limekosea mahali pa kuanzia. Kahawa hupangwa katika madaraja kama AA, A, B, C na PB baada ya kukobolewa, kwa ukubwa na umbo la punje. PB ni zile punje za mviringo ambazo zimekua moja moja ndani ya tunda. Siku ya mapokezi bado kahawa ina ganda. Mzigo wa mkulima mmoja una punje za madaraja kadhaa, na kwa kawaida unachanganywa na ya wenzake kuwa loti moja kabla ya kupelekwa kiwandani. Sentensi “mapokezi haya yana daraja A” haina ukweli wowote wa kusimamia. Sentensi ya kweli ni kwamba loti fulani, baada ya kukobolewa, ilitoa kilo kadhaa za daraja fulani, na kilo hizo ziliuzwa mnadani kwa bei fulani.

Tuifuate loti moja kwa hesabu za kufikirika. Chama kimekusanya kilo 6,000 za pachimenti, na kiwanda kimezikoboa zikatoa kilo 4,800 za kahawa safi. AA ni kilo 1,200 zilizouzwa kwa shilingi 8,000 kila kilo, A ni kilo 1,800 kwa shilingi 7,500, B ni kilo 1,300 kwa shilingi 6,500, na PB ni kilo 500 kwa shilingi 7,100. Jumla ni shilingi 35,100,000. Zikitolewa shilingi 5,100,000 za kukoboa, usafiri na makato ya chama, zinabaki 30,000,000, sawa na shilingi 5,000 kwa kila kilo ya pachimenti iliyoingia katika loti. Mkulima aliyeleta kilo 120 alikwishapokea malipo ya awali ya shilingi 3,000 kwa kilo, yaani 360,000. Anadai malipo ya pili ya shilingi 2,000 kwa kilo, yaani 240,000.

Ukiitazama hesabu hiyo, kichwa kimoja kilichoitwa bei kilikuwa kinaficha mambo matatu. Kiwango cha malipo ya awali ni sifa ya msimu. Bei ya mnada ni sifa ya kilo za daraja moja ndani ya loti moja. Kiwango cha malipo ya pili kinakokotolewa kutoka kwenye loti nzima. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho sifa ya mapokezi. Na kati ya loti na daraja kumejitokeza huluki ambayo haikuwepo katika daftari kabisa, nayo ni fungu la mnada:

```
MSIMU(msimu, kufunguliwa, kufungwa, kiwango_cha_awali)
LOTI(loti, msimu, makato)
FUNGU(loti, daraja, kilo, bei_ya_mnada)
MAPOKEZI(stakabadhi, mkulima, loti, tarehe, kilo, unyevu)
MALIPO(malipo, stakabadhi, tarehe, aina, kiasi)
```

Daraja, ambalo ndilo lililozua swali, limeishia kuwa sifa ya kawaida ya fungu, yenye orodha fupi ya thamani zinazoruhusiwa. Mhandisi wa hifadhidata anaweza kuiweka orodha hiyo katika jedwali lake ili karani asiandike “AAA”, na hakuna ubaya, lakini jedwali la orodha ni chombo cha kulinda usahihi wa thamani, na halipaswi kupandishwa katika modeli ya dhana kama kitu ambacho chama kinakitunzia habari. Mchoro ambamo kila orodha ya namna hiyo, pamoja na jinsia na aina ya malipo, imepewa kisanduku chake humchosha msomaji kabla hajaiona loti. Mara nyingi mabishano makali juu ya sifa na huluki huwa ni dalili ya jambo lililotokea hapa: kitu cha tatu hakijatajwa, na thamani inayogombewa imening'inizwa mahali pasipo pake.

Kiasi katika MALIPO kinaonekana kwa mtazamo wa kwanza kama urudufu, maana kingeweza kukokotolewa kwa kuzidisha kilo na kiwango cha msimu. Lakini shilingi 360,000 zilizotoka mkononi mwa mhasibu ni ukweli wa siku ile. Bodi ya chama ikirekebisha kiwango cha awali katikati ya msimu kutoka 3,000 hadi 3,200, yaliyokwisha kulipwa hayageuki, na mfumo unaoyakokotoa upya utamwonyesha mkaguzi fedha ambazo hazikulipwa kamwe. Kwa hiyo kiasi kinaandikwa na kubaki. Thamani mbili zinazofanana leo ni urudufu pale tu zinapolazimika kufanana kesho.

Kuhusu uamuzi usio na uhakika, watu wengi hushauri kuchagua huluki kila panapokuwa na shaka. Ushauri huo una ukweli wa nusu, na nusu hiyo inafaa kueleweka. Kuishusha huluki kuwa sifa ni kazi ya mchana mmoja, kwa sababu unatupa tofauti ulizokuwa nazo. Kuipandisha sifa kuwa huluki ni kazi ngumu, kwa sababu unatafuta tofauti ambazo hazikuandikwa: Majengo ipi, laini ya nani, mzani upi. Mzani ni mfano mzuri, kwa kuwa madaftari mengi hayautaji kabisa. Siku Wakala wa Vipimo anapogundua kwamba mzani mmoja wa chama unapunja, swali la kwanza litakuwa ni mapokezi yapi yalipimwa kwa mzani huo tangu ulipohakikiwa mara ya mwisho, na kama mzani haukuwa huluki iliyounganishwa na mapokezi, hakuna hesabu itakayoweza kulijibu. Lakini kila huluki inamdai karani kitu cha kuchagua au kujaza, na huluki anayolazimishwa kuijaza bila kuona faida yake ataijaza kwa uongo, akichagua ya kwanza katika orodha. Kwa hiyo tofauti inayostahili kuandikwa mapema ni ile ambayo karani anaiona bila gharama wakati wa kupokea mzigo, na ambayo mtu mwenye mamlaka anaweza kuja kuiuliza. Mzani unatimiza masharti hayo mawili.

Shamba linatimiza la pili, lakini la kwanza kwa shida. Kwa miaka mingi ilitosha kuandika “ekari 3” kwenye fomu ya uanachama, sifa ya mkulima isiyo na utata. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa zinazohusishwa na ukataji wa misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa lakini kahawa imo ndani yake, inamtaka anayeingiza kahawa huko aonyeshe latitudo na longitudo ya shamba ilikolimwa: nukta moja kwa shamba dogo, na mstari wa mpaka mzima kwa shamba la zaidi ya hekta 4. Ghafla shamba lina sentensi zake, na “ekari 3” inaweza kuwa shamba moja au vipande vitatu katika vitongoji vitatu. Kulifanya shamba kuwa huluki inayounganishwa na mkulima ni rahisi. Kuliunganisha na mapokezi si rahisi, kwa kuwa mkulima mwenye vipande vitatu huanika kahawa yake yote kwenye chanja kimoja, na hata yeye hawezi kusema kilo 120 za leo zilitoka wapi. Modeli inayomlazimisha karani kuchagua shamba moja kwa kila stakabadhi itajaa majibu nadhifu yasiyo ya kweli. Uhusiano unaoweza kusimama mbele ya mkaguzi ni ule unaosema kwamba mapokezi yalitoka kwa mkulima huyu, na kwamba tarehe hiyo alikuwa na mashamba haya. Na mapokezi ya misimu iliyopita, kabla mashamba hayajapimwa, yabaki bila shamba.